Maharagwe Makavu, ya Kuchemshwa na ya Mkebe: Hesabu ya Kalori na Makosa ya Daftari

Mtu aliyejizoeza kuandika kila siku chakula anachokula, ama kwa kalamu katika daftari ama kwa kidole katika programu ya simu, hatakawia kukutana na jambo litakalomtia shaka afikapo kwenye maharagwe; kwani akitafuta kalori za gramu 100 za maharagwe mekundu, mahali pamoja ataambiwa kuwa ni 333, mahali pa pili ataambiwa 127, na mahali pa tatu ataambiwa 84, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayemdanganya. Hesabu ya kwanza ni ya maharagwe makavu kama yatokavyo guniani, ya pili ni ya maharagwe yaliyochemshwa yakaiva na kuchujwa maji, na ya tatu ni ya maharagwe ya mkebe yaliyopimwa pamoja na maji yake. Chakula ni kile kile, na kilichogeuka ni kiasi cha maji kilichoingia katika mizani. Lakini mwenye daftari asiyeijua tafauti hiyo aweza kuandika kalori mara mbili na nusu ya zile alizokula kwa kweli, au akaandika chini ya nusu yake, naye akaendelea hivyo kwa miezi akidhani kwamba hesabu yake ni sahihi.

Tarakimu nilizozitaja zimetoka katika majedwali ya Idara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo chimbuko la hesabu nyingi zilizomo katika programu za simu, na yeyote aweza kuyasoma katika tovuti iitwayo FoodData Central. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo majedwali yetu pia, ya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008 na ya Kenya yaliyochapishwa mwaka 2018, nayo yana fadhila ya kutaja vyakula vya kwetu. Lakini kanuni nitakayoieleza hapa ni moja kwa majedwali yote, kwa kuwa haitegemei nani aliyepima, bali inategemea kilichopimwa kilikuwa katika hali gani.

Tuanze na maji, maana humo ndimo siri yote ilimo. Katika gramu 100 za maharagwe makavu mna maji kiasi cha gramu 12 tu, na zilizobaki, yaani gramu 88, ni chakula chenyewe: wanga, utomwili, nyuzinyuzi, mafuta kidogo na madini. Yakisharowekwa na kuchemshwa mpaka yakaiva, hunywa maji mengi hata katika kila gramu 100 za maharagwe yaliyoiva maji yakawa kama gramu 67, na chakula chenyewe kikawa gramu 33 tu. Maji hayana kalori hata moja. Kwa hiyo gramu 100 ulizozitia sufuriani hutoka zikiwa na uzito wa gramu 260 hivi, lakini zile kalori 333 ulizoziingiza ndizo zile zile utakazozitoa, ila kidogo sana kilichoyeyukia katika maji ya kuchemshia. Na ukizigawa 333 kwa uzito huo mpya utapata 127 au 128 kwa kila gramu 100, yaani ile ile hesabu ya pili iliyokutia shaka. Jedwali halikujipinga: limepima kitu kimoja mara mbili, kikiwa kikavu na kikiwa kimeshiba maji.

Hapa yafaa nitahadharishe kwamba kipimo hicho cha mara 2.6 ni cha maharagwe mekundu, wala si cha nafaka zote za jamii ya kunde, kwani kila moja ina tabia yake ya kunywa maji. Adesi kavu zina kalori 352 kwa gramu 100 na zikichemshwa huwa 116, maana yake uzito wake huongezeka mara tatu. Choroko hushuka kutoka 347 mpaka 105, yaani huongezeka uzito kupita mara tatu. Na dengu, ambazo ni ngumu na hunywa maji kwa uchache zaidi, hushuka kutoka 378 mpaka 164 tu. Basi mtu aliyejifunza kipimo kimoja kwa maharagwe akakitumia kwa dengu na adesi vile vile, atakosea pande zote mbili, ijapokuwa kosa lake litakuwa dogo kuliko la yule asiyetafautisha kavu na iliyoiva.

Nitaeleza sasa jinsi kosa lenyewe linavyotokea. Jamaa yangu mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu, aliambiwa na daktari wake apunguze uzito, naye kwa kuwa ni mtu wa nidhamu alinunua mizani ndogo ya jikoni na akaanza kuandika kila tonge. Baada ya majuma machache alinionyesha daftari lake kwa masikitiko, akasema kwamba ameamua kuyaacha maharagwe kabisa, kwa sababu sahani moja ya mchana humlia nusu ya kalori za siku nzima. Nilisoma nikaona ameandika gramu 250 za maharagwe, kalori 833.

Nikamwuliza, “Mwalimu, hizi gramu 250 ulizipima kabla ya kuyapika au baada?”

“Baada,” akanijibu. “Niliweka sahani tupu juu ya mizani, nikaifanya mizani isome sifuri, kisha nikapakua. Kosa liko wapi?”

Katika kupima hakukuwa na kosa hata kidogo. Kosa lilikuwa katika kuchagua, kwani alipoandika neno la maharagwe katika simu yake, mstari wa kwanza uliomjia ulikuwa "Beans, kidney, all types, mature seeds, raw", naye akaugusa huo, ambao ni wa maharagwe makavu. Na mstari uliomfaa ulikuwa chini yake, "Beans, kidney, all types, mature seeds, cooked, boiled, without salt". Kwa mstari wa pili gramu zake 250 zilikuwa na kalori 318, siyo 833. Kalori 515 zilizozidi hazikuwa katika sahani yake wala tumboni mwake, zilikuwa katika daftari tu. Na ubaya wa kosa la namna hii si kwamba hesabu imekwenda kombo, bali ni kwamba lilikuwa karibu kumfanya mtu aache chakula kinachoshibisha, chenye utomwili na nyuzinyuzi, akaweke mahali pake chapati mbili za mafuta zilizoonekana nafuu katika karatasi.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo ni baya zaidi kwa anayetaka kupungua, kwa sababu halimuumizi wala halimshtui, bali humfurahisha. Huyu hupima maharagwe yakiwa makavu, gramu 100 zake mwenyewe, akayaroweka na kuyapika, kisha wakati wa kuandika huchagua mstari wa maharagwe yaliyochemshwa kwa kuwa kweli ameyachemsha. Akaandika gramu 100, kalori 127, hali aliyokula ni kalori 333. Amepoteza kalori 206 kwa mlo mmoja, na akila maharagwe mchana na usiku, kama wengi wetu tulavyo, daftari lake hukosa kalori 400 na zaidi kila siku, kisha hushangaa kwa nini mizani ya kupimia mwili haishuki. Mtu wa namna hii hulaumu tezi, hulaumu umri, hulaumu asili ya ukoo wake, na mwenye lawama ni neno moja katika orodha.

Kanuni basi ni hii, nami naomba msomaji aishike kuliko tarakimu zote: hali uliyopimia ndiyo hali utakayochagulia. Ukipima kikavu, chagua mstari wa kikavu, hata kama baadaye utakipika saa tatu. Ukipima kilichoiva, chagua kilichoiva. Usiangalie unavyokila, angalia kilivyokuwa wakati kilipokaa juu ya mizani. Na kuna hali ya kati ambayo haina mstari katika majedwali mengi, nayo ni ya maharagwe yaliyorowekwa usiku kucha na hayajapikwa, ambayo uzito wake umekwisha kukaribia mara mbili ya yalivyokuwa makavu. Haya usiyapime kamwe, bali pima kabla ya kuroweka, au ngoja mpaka yaive.

Wanaopima kwa kikombe wamo katika hatari kubwa kuliko wanaopima kwa mizani, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Kikombe cha kupimia cha Kimarekani kikijazwa maharagwe makavu huwa na gramu 184, na kikijazwa maharagwe yaliyochemshwa huwa na gramu 177, yaani uzito ni karibu mmoja. Lakini cha kwanza kina kalori 613 na cha pili kina 225. Jicho haliwezi kuona tafauti hiyo wala mkono hauwezi kuihisi, na aliyeandika “kikombe kimoja” pasi na kusema cha kitu gani, hana njia ya kujua baadaye alikula nini. Kibaba cha sokoni na kopo la dukani ni vivyo hivyo, ni vipimo vya kuuzia na kununulia ambavyo wazee wetu walivitumia kwa uadilifu, lakini havikukusudiwa kumwambia mtu kalori zake.

Ikiwa umeshaandika siku nyingi na huna yakini ulichagua mstari gani, kuna njia ya kujikagua. Angalia utomwili uliohesabiwa kwa kila gramu 100: ukiwa gramu 20 hadi 25, hicho ni kitu kikavu, ukiwa gramu 7 hadi 9, hicho kimeiva. Kalori nazo husema hivyo hivyo, maana nafaka hizi zikiwa kavu hukaa aghalabu baina ya 330 na 380, na zikiwa zimechemshwa kwa maji matupu hukaa baina ya 100 na 165. Mstari wowote utakaokuambia kwamba maharagwe yaliyochemshwa yana kalori 250 kwa gramu 100, au kwamba adesi kavu zina 180, uutilie shaka na kuuacha, kwa sababu programu nyingi za simu huwaruhusu watumiaji wenyewe kuongeza vyakula, na si kila aliyeongeza alijua alichokuwa akikifanya. Angalia pia kipimo cha nishati chenyewe, kwani mikebe na pakiti nyingi huandika kilojuli kabla ya kalori, na kalori moja ya chakula, ile iandikwayo kcal, ni kilojuli 4.184, maharagwe yaliyochemshwa yenye kalori 127 yataandikwa kilojuli 531, na nimewahi kuona mtu amenakili tarakimu hiyo ya pili akidhani ndiyo ya kalori.

Sasa tuje kwenye mkebe, ambao hapo zamani ulikuwa chakula cha safarini na cha wageni, na siku hizi umeingia katika jikoni nyingi za mijini kwetu, na zaidi katika nyumba za ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, ambao hawana nafasi ya kungoja maharagwe yaive. Mkebe wa kawaida wa Ulaya huandikwa gramu 400, na pembeni kwa herufi ndogo huandikwa uzito wa maharagwe yakishachujwa, ambao aghalabu ni gramu 240. Zilizobaki gramu 160 ni maji mazito ya kupikia. Maharagwe yaliyochujwa ya mkebe hayana tafauti kubwa na yale uliyoyachemsha mwenyewe, kwani jedwali la Marekani huyapa kalori 124 kwa gramu 100, na yakisuuzwa 121. Lakini yakipimwa pamoja na maji yake hesabu hushuka mpaka 84, kwa sababu maji yale yana wanga kidogo ulioyeyuka na mengine yote ni maji.

Tazama basi jinsi mkebe mmoja unavyoweza kuandikwa kwa njia tatu. Aliyechuja akala gramu 240, akachagua mstari wa yaliyochujwa, ataandika kalori 298. Aliyemimina mkebe wote sufuriani, maji na yote, akachagua mstari wa maharagwe pamoja na maji yake, ataandika gramu 400 na kalori 336, naye pia amesema kweli. Lakini yule aliyesoma gramu 400 mbele ya mkebe akazidisha kwa 124 ya yaliyochujwa, ataandika kalori 496, na hizo zilizozidi, ambazo ni 160 kwa uchache, hazimo mkebeni kwa hali yoyote. Kwa hiyo kabla ya kuandika, geuza mkebe usome jedwali la nyuma linazungumzia gramu 100 za nini: kama limesema yaliyochujwa, basi chuja na upime, kama halikusema, tafuta mistari miwili ile ya uzito, na ujiulize ni upi uliotumiwa. Maharagwe ya mkebe yaliyopikwa katika mchuzi wa nyanya ni mambo mengine, kwani hayachujwi, na mchuzi wake aghalabu umetiwa sukari. Hayo huandikwa kama yalivyo katika karatasi ya mkebe na hayafananishwi na maharagwe matupu.

Huenda msomaji akaona kwamba mkebe wa Ulaya unatoa kalori chache kuliko jedwali la Marekani ijapokuwa yote mawili yamesema yaliyochujwa, akadhani mmoja wao ameghushi. Sababu yake ni nyuzinyuzi. Katika jedwali la Marekani nyuzinyuzi zimehesabiwa ndani ya wanga na kupewa thamani sawa na wanga, karibu kalori 4 kwa gramu, lakini sheria ya Ulaya huzitenga na wanga na kuzipa kalori 2 tu kwa gramu, kwa kuwa mwili hauzimeng'enyi kama wanga. Na maharagwe ndiyo chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kuliko vyakula vingi vya kila siku, ndiyo maana tafauti huonekana kwake zaidi. Shika karatasi ya mkebe uliomo mkononi mwako, maana ndiyo inayosema juu ya mkebe huo, wala usitoe nyuzinyuzi mara ya pili katika wanga wa karatasi ya Ulaya, kwa kuwa wenyewe wamekwisha kuzitoa.

Hayo yote ni ya maharagwe matupu, na nani kwetu anayekula maharagwe matupu? Tunayaunga kwa vitunguu na nyanya na mafuta, na watu wa pwani huyatia tui, na hapo ndipo daftari linapokosea kimya kimya, kwa kuwa mtu huandika “maharagwe, yaliyochemshwa” na kusahau kilichofanya yawe matamu. Dawa ya jambo hili ni kuipima sufuria nzima, njia ambayo ni ya siku zote kwa wapishi wanaohesabu, nayo nitaifanya hapa kwa mfano wa maharagwe ya nazi ya watu watano au sita.

Kwanza pima sufuria ikiwa tupu na uandike uzito wake mahali usipopotea; tuseme ni gramu 850. Pima maharagwe yakiwa makavu, yameshachaguliwa vijiwe na makapi: gramu 500, ambazo kwa 333 ni kalori 1,665. Pima vitunguu gramu 100, kalori 40. Nyanya gramu 200, kalori 36. Na hivi viwili ni vidogo kiasi kwamba hata ukivisahau hutaharibikiwa. Mafuta usiyasahau kamwe, kwani gramu 40, ambazo ni vijiko vikubwa vitatu hivi, zina kalori 354. Kisha tui zito gramu 200, ambalo kwa hesabu ya jedwali, 230 kwa gramu 100, ni kalori 460. Jumla ya sufuria yote ni kalori 2,555, wala hutahitaji kuhesabu maji, kwa kuwa thamani yake ni sifuri hata ukitia ndoo.

Yakishaiva na kuungwa, pima tena sufuria pamoja na vyote vilivyomo. Tuseme imesoma gramu 2,750. Ukitoa 850 za sufuria, chakula ni gramu 1,900. Gawanya 2,555 kwa 1,900 utapata kama 1.345, yaani kila gramu 100 za maharagwe yako ya leo zina kalori 134 au 135. Anayepakua bakuli la gramu 300 amekula kalori 403, na yeyote nyumbani aweza kupakua kiasi apendacho akazidisha mwenyewe. Katika bakuli hilo maharagwe yenyewe yamechangia kalori 263, na nyingine 140 ni za mafuta na tui kwa sehemu kubwa. Mtu aliyeandika bakuli hilo kama maharagwe yaliyochemshwa matupu angepata 381, karibu na kweli, lakini ukaribu huo ni wa bahati, kwa sababu rojo limepunguza upande mmoja na nazi imeongeza upande wa pili. Mpishi mwingine mwenye mkono mzito wa mafuta na rojo kidogo angemwacha mbali sana.

Njia hii ina mipaka miwili inayofaa kujulikana. Tui la kukamua nyumbani halina kipimo kimoja, kwani nazi hutafautiana, na mikono hutafautiana, na maji ya kukamulia hutafautiana, na mafuta mengine hubaki katika machicha. Kwa hiyo hesabu ya 230 ni makadirio ya tui zito, na tui jepesi lina chini ya hapo kwa mbali, wala usiandike nazi nzima iliyokunwa kana kwamba umeila yote. Aliye na tui la pakiti asome pakiti yake, atapata hesabu iliyo thabiti zaidi. Mpaka wa pili ni kiporo. Maharagwe yaliyobaki yakipashwa moto kesho yake hupoteza maji, na kama ulibakiza gramu 1,000 zenye kalori 1,345, na baada ya kupashwa zikawa 850, basi kalori ni zile zile 1,345 lakini kila gramu 100 sasa ina 158. Pima tena kabla ya kupakua, au ugawe kiporo mafungu yaliyo sawa tangu usiku ule, kila fungu na chombo chake, usiwe na haja ya kupima mara ya pili.

Kwa adesi njia ya sufuria ndiyo pekee, hasa zile nyekundu zilizoparazwa, kwa kuwa hupondeka zikawa uji na hakuna tena punje ya kuchuja. Mchuzi mzito na mchuzi mwepesi wa adesi waweza kutafautiana kalori mara mbili kwa bakuli lile lile, na hakuna mstari wa jedwali utakaokuambia wako ni upi. Na hapo kwenye adesi na jamaa zake, hakikisha umechagua nafaka uliyoila: Tanzania aghalabu dengu ni zile punje za mviringo zenye ncha, Kenya ndengu ni zile punje ndogo za kijani ambazo Mtanzania huziita choroko, na wapo wanaoziita adesi dengu. Zikiwa zimechemshwa, ya kwanza ina kalori 164, ya pili 105 na ya tatu 116, hivyo mgeni aliyekula kwa jirani aangalie punje iliyomo katika bakuli kabla ya kuliamini jina aliloambiwa.

Imebaki hali ya mtu anayekula mgahawani, ambako hakuna mizani wala sufuria ya kupima, na hapo haifai kudai uhakika usiokuwepo. Ninalomshauri ni kwamba nyumbani achukue upawa wake, apakue maharagwe mara moja kwa namna wanavyopakua mgahawani, ayapime na kukumbuka uzito huo. Kisha akila nje ahesabu pawa, achague mstari wa maharagwe yaliyochemshwa, na aongeze kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, kalori 120, ikiwa rojo linang'aa kwa mafuta juu yake. Makadirio haya yatakosea, lakini kosa lake halitafika popote karibu na lile la mwalimu wa Tanga, ambalo lilitokana na mizani sahihi kabisa.

Nakuomba basi, wewe unayehesabu, leo usiku kabla ya kuroweka maharagwe ya kesho uyapime yangali makavu, na katika daftari, kando ya uzito, uandike herufi moja: K kwa makavu, I kwa yaliyoiva, M kwa ya mkebe, na kama daftari lako la nyuma halina herufi hizo, lifungue ukague utomwili wa kila mstari wa maharagwe kabla ya kubadili chakula chako kwa ajili yake.